“BIOS yake haina USB, basi haiwezekani”: dhana potofu kuhusu kubuti kompyuta kuukuu

Dhana: Kama BIOS, ile programu inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, haiorodheshi USB, flashi haitabuti mpaka BIOS ifleshiwe upya.

Hii nimeichoka. Mteja anafika na laptopu ya zamani, ameshaambiwa na mtu kwamba dawa ni kufleshi BIOS, na pengine ameshapakua faili ya modeli “inayofanana na yangu”. Tafadhali usifanye hivyo. Ukikosea modeli, au umeme ukikatika katikati, mashine iliyokuwa inawaka vizuri itabaki na kioo cheusi. Hata ukifanikiwa, mara nyingi toleo jipya halina USB pia, kwa sababu mtengenezaji hakuwahi kuiweka.

Ukweli ni kwamba BIOS haihitaji kuijua flashi yako. Inahitaji kujua kusoma CD tu, na hilo mashine nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea zinaliweza. Kwenye CD unaweka programu ndogo, mfano Plop Boot Manager. BIOS inaisoma, inaipakia kwenye memori, na kuanzia hapo kazi yake imekwisha. Plop imebeba draiva zake yenyewe za USB. Inaitafuta flashi, inaifanya ionekane kama diski ya kawaida, kisha inaikabidhi usukani. CD ni mlango tu. Mfumo wenyewe unabaki kwenye flashi.

Hatua zake ni fupi. Unachoma `plpbt.iso`, iliyomo kwenye zipu ya Plop, kwenye CD, unaingia BIOS na kuweka CD iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kubuti, unachomeka flashi moja kwa moja kwenye mashine (si kupitia habu), unawasha, na menyu ikitokea unachagua USB. Kama menyu haitokei kabisa ingawa CD imechomwa sawasawa, jaribu `plpbtnoemul.iso` iliyomo kwenye zipu hiyohiyo. Kuna BIOS ambazo hazipatani na namna faili ya kwanza inavyojifanya diski ya flopi.

Sasa jifunze kusoma mahali ilipokwama. Menyu ikitokea, CD na BIOS zimeshafanya kazi yao, kwa hiyo acha kuzilaumu. Ukichagua USB na flashi isipatikane, badilisha tundu au flashi. Lakini ukiona

```
Missing operating system
```

furahi kidogo, maana flashi imesomwa! Tatizo ni kwamba haikuandaliwa kubuti. Mara nyingi iliandaliwa kwa ajili ya UEFI peke yake, yaani mrithi wa BIOS kwenye kompyuta mpya, na mashine hii haijui UEFI ni nini. Iandae upya kwa mtindo wa MBR, ule wa zamani ambao BIOS inauelewa.

Dhana: Nimeshanakili ISO kwenye CD, bado haibuti.

Ifungue CD hiyo kwenye kompyuta nyingine. Ukikuta ndani kuna faili moja iitwayo `plpbt.iso`, umeihifadhi kama ungehifadhi picha ya harusi. ISO huchomwa kwa amri ya kuchoma taswira ya diski. Na uichome kwa mwendo wa chini kabisa programu inaoruhusu. Drevu za CD zilizozeeka husumbuka na diski zilizochomwa kwa haraka.

Dhana: Imeganda.

Pengine inasoma tu. USB 1.1 ina mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde, ambazo kwa vitendo ni takriban megabaiti moja. Chukua Linux ambayo kernel na initrd yake, yaani faili zinazopakiwa kwanza kuuamsha mfumo, kwa pamoja ni megabaiti 60: hapo kioo kitatulia kama dakika nzima bila kuonyesha chochote, na watu huzima mashine sekunde ya arobaini. Kernel ikishaamka hutumia draiva zake yenyewe, Plop inatoka njiani. Kama matundu ni ya USB 2.0, mwendo unapanda. Kama ni ya 1.1, hakuna cha kuyabadilisha, na kusoma megabaiti 700 kutapita dakika kumi. Ndiyo maana nasisitiza mfumo mdogo kwa mashine hizi, hata kama ule mkubwa unapendeza zaidi.

Dhana: Plop ikikubali, mfumo wowote utakubali.

Hapana. Plop inafungua flashi, haibadilishi prosesa. Weka Linux ya biti 64 kwenye prosesa ya biti 32 na utasoma hivi:

```
This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU.
```

Hapo hakuna CD wala flashi ya kulaumiwa. Tafuta toleo la biti 32, uliandike kwenye flashi ileile, na uache CD ya Plop humohumo ilimo.