Ukigundua ana mtu wake: namna ya kuacha kuchombeza bila kumpotezea

Watu wanaokuja kwangu baada ya kugundua kwamba waliyemzimikia ana mtu wake, wengi hawaulizi kama waache au waendelee. Kuacha wameshaamua. Wanachouliza ni hiki: "Nimwambie?" Yaani nimkalishe chini, nimweleze kwamba nilikuwa nampenda, sasa nimejua ukweli, na najitoa kwa heshima. Mimi ni mshauri wa mahusiano, na jibu langu karibu mara zote ni hapana. Usimwambie. Nitaeleza kwa nini, na kinachofanyika badala yake.

Nitumie kisa cha kijana mmoja mhasibu wa hapa Dar es Salaam. Ameniruhusu nikisimulie, na nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Alimpenda dada wa idara ya manunuzi. Walianza kwa utani wa ofisini, ukahamia WhatsApp, ukawa wa kila usiku. Yeye alimwita "mrembo", dada naye akamjibu kwa kicheko na siku nyingine kwa kopa jekundu. Jioni alimpa lifti mpaka Mwenge. Akiona stetasi yake lazima aseme neno. Hakuna aliyekuwa ametamka lolote la wazi. Siku moja katibu muhtasi akapita na kadi za mchango wa sendofu. Jina la bibi harusi mtarajiwa lilikuwa la yule dada.

Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba alidanganywa, kwa kuwa hakuwahi kumwona na pete wala picha ya mwanamume yeyote. Hapa nilimsimamisha. Katika familia nyingi za kwetu uchumba hautangazwi mapema. Barua ya posa inapelekwa, mshenga anarudi na majibu, wazee wanakaa, mahari inajadiliwa, na muda wote huo binti anaweza kuambiwa kabisa asiseme kitu mpaka mambo yakamilike. Kwa hiyo kidole kitupu hakithibitishi chochote, na stetasi isiyo na picha ya mtu haithibitishi chochote. Tena mtu ambaye hukumuuliza hakudanganyi kwa kutokukwambia. Kijana alikuwa amechombeza kwa miezi bila kuuliza swali moja rahisi, "Una mchumba?", kwa sababu swali hilo lingeweza kuleta jibu asilolitaka.

Usiku ule aliandika meseji, na kwa bahati nzuri hakuituma. Alinionyesha: "Kumbe una mtu na hukuniambia. Ningejua mapema nisingejisumbua. Lakini sina kinyongo, nakutakia maisha mema." Isome polepole. Sentensi ya kwanza inamtaka dada ajitetee. Ya pili inamdai gharama ya muda na lifti ambazo hakuziomba kwa masharti. Ya tatu inasema hakuna kinyongo, na kinyongo kimejaa meseji nzima. Dada akipokea kitu kama hiki wakati anapanga sendofu yake, atajibu nini? Akiomba radhi, anakiri kosa ambalo hakulitenda. Akikaa kimya, anaonekana mkatili.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia wa Marekani, Roy Baumeister, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mapenzi ya upande mmoja. Walikusanya simulizi za waliopenda bila kupendwa, na pia za waliopendwa na watu wasiowataka. Kundi la pili ndilo tunalolisahau. Wengi wao walieleza kuona hatia, kukereka, na kutojua kabisa la kusema au la kufanya. Anayependa ana nyimbo na hadithi chungu nzima za kumfundisha namna ya kuomboleza. Anayependwa hana. Ungamo lako, hata liwe la adabu namna gani, linamwachia kazi asiyoijua. Na nikiwa mkweli kwa uzoefu wangu, mara nyingi ungamo hilo ni ndoano ya mwisho: mtu anasema anajitoa huku akisubiri kuambiwa "usiondoke".

Kwa hiyo kipimo ninachowapa watu ni kimoja. Namna nzuri ya kuacha ni ile isiyomlazimisha mwenzako kujibu kitu.

Kijana tulimwandalia meseji nyingine, akaituma mchana, saa za kazi: "Hongera sana dada, nimeiona kadi. Mchango wangu nitampa mweka hazina. Mungu awatangulie." Basi. Inamwambia kwamba anajua, haimuulizi kitu, na neno "dada" peke yake limeshamwonyesha amesimama wapi. Yule dada alijibu "Ahsante sana kaka, amina." Hapo "mrembo" ilishakufa bila mtu kuizika.

Baada ya hapo kazi ni ya kupunguza, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanapunguza kila kitu. Kesho yake hawasalimii. Wakiitwa chai wanasema wameshiba. Meseji inasomwa, tiki zinageuka buluu, jibu haliji. Kununa namna hiyo ni kuendelea kuongea naye juu ya mapenzi kwa njia nyingine, na ofisi nzima itasikia. Mchuzi uliozidi pilipili hautupwi na sufuria. Unachoondoa ni kile ambacho usingekifanya kwa mwenzako mwingine wa ofisini. Kilichobaki kinaendelea kama kawaida.

Nilimwambia kijana ajiulize juu ya kila tabia: hii ningemfanyia pia yule mzee wa stoo? Salamu ya asubuhi, ndiyo. Kumsaidia kurekebisha ankara, ndiyo. Kuandika saa tano usiku "umelala?", hapana. Kumtumia vocha bila sababu, hapana. Kujibu kila stetasi, hapana. Lifti ilikuwa ngumu kidogo, kwa kuwa njia yao ni moja na kuikata ghafla kungekuwa adhabu. Akaamua kumchukua na mwenzao mwingine anayeelekea huko huko. Garini wakawa watatu, maongezi yakawa ya foleni na mpira.

Meseji za usiku usizikate kwa tangazo. Akiandika saa nne usiku, jibu asubuhi, kwa ufupi na kwa upole: "Samahani, nilishalala. Ndiyo, ripoti nimeituma." Baada ya mara chache, mazungumzo ya usiku yanakauka yenyewe. Kopa na vikatuni vya macho ya mahaba, acha kuvituma. Yeye akituma, usivijadili, jibu maneno tu.

Upo ugumu mmoja wa ndani. Mtu anaacha kuchombeza kwa mdomo lakini bado anafungua stetasi za mwenzake kila saa akitafuta dalili. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa panya na njiwa kwamba mnyama aliyezoea kupata chakula mara moja moja, bila kujua lini, huendelea kubonyeza kitufe muda mrefu baada ya chakula kukatika, kuliko yule aliyepewa kila alipobonyeza. Kopa linalokuja leo, kisha kimya cha siku kadhaa, kisha kicheko kirefu, linakushika kwa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana kupunguza kuchungulia hakusaidii sana. Kila ukichungulia unaweza kupata kitu. Nyamazisha stetasi zake kabisa. WhatsApp haimjulishi mtu kwamba umemnyamazisha, kwa hiyo hakuna anayeumia. Pia usimtume rafiki akadadisi kama huo uchumba ni wa kweli au una migogoro. Huko ni kubonyeza kitufe kwa mkono wa mwingine.

Yanayoweza kukwama ni mawili. La kwanza, anaweza kukuuliza: "Mbona umebadilika siku hizi?" Hili lilimpata kijana wetu kantini, na alikuwa amejiandaa. Alijibu, "Hakuna tatizo kabisa. Nimejua una mwenzako, basi nimeona utani wangu uwe na mipaka." Dada akacheka, akasema "sawa kaka", wakaendelea kula wali maharage. Ukiulizwa, sema ukweli, ila uwe wa sentensi moja na wala usihusu moyo wako. Kusema "hamna kitu" huku umekunja uso kunamfanya akufuate zaidi kutaka kujua.

La pili ni zito zaidi. Kuna anayekuona unarudi nyuma, naye anaongeza utani. Anasema "bado sijaolewa bwana", au anaanza kukusimulia ubaya wa mchumba wake. Usiwe msikilizaji wa malalamiko hayo. Nimewaona wengi waliorudi kwenye mapenzi kupitia mlango wa "nilikuwa namfariji tu". Mwambie, "Hilo mzungumze ninyi wawili, au mwone mtu mzima mnayemwamini. Mimi si mtu sahihi." Hapa simwiti mtu yeyote malaya. Wapo wanaopenda kusifiwa na hawana nia zaidi ya hapo, na wapo walio na wasiwasi wa kweli juu ya ndoa inayokuja. Kwa vyovyote, uamuzi wake aufanye wewe ukiwa pembeni, usije ukawa ndiwe sababu.

Ikiwa mwenzake ni wa ndoa, mipaka hiyo iweke kwa haraka zaidi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume au mke haki ya kumdai fidia mahakamani mtu aliyezini na mwenzi wake. Meseji za utani peke yake si ugoni, lakini nimeona simu ya mke ikifunguliwa na mume, na kikao cha wazee kikaitwa kwa ajili ya kopa na "umelala?" za mtu aliyesema hakuwa na nia mbaya. Ukiwa na mashaka kama ameolewa, muulize kabla ya kumtumia kopa la kwanza.

Utajuaje kwamba umemaliza? Mimi siangalii kama hisia zimekwisha, maana hizo zina mwendo wake na kuzilazimisha zitoke huzidisha kuzifikiria. Naangalia kama unaweza kusikia jina la mchumba wake bila kuuliza anafanya kazi gani, na kama unaweza kuandika meseji ya kazi ukaituma bila kuisoma tena na tena kutafuta neno tamu la kuchomeka. Kijana alihudhuria sendofu. Alikaa meza moja na watu wa uhasibu, akampa bwana harusi mkono wa pongezi, akaondoka na wenzake. Wiki iliyofuata yule dada alimletea ankara ya vifaa vya ofisi yenye makosa ya VAT, wakakaa nayo mezani mpaka ikanyooka.