Kuandika cos 5x kwa cos x: usihakiki kwa 0, hakiki kwa 60°

Finalisti wa sayansi hapa Lubumbashi, awe wa Katuba au wa Kamalondo, anaweza kugeuza cos 5x kuwa polinomi ya cos x kwa mistari michache tu. Tatizo ni kwamba kosa dogo la alama huzaa jibu lenye sura nzuri kabisa, na hakiki ambayo wengi huifanya, ile ya kuweka x = 0, hailioni kosa hilo.

Tunaanzia kwenye fomula ya Moivre:

(cos x + i sin x)⁵ = cos 5x + i sin 5x

Tunachokitaka ni cos 5x, nayo ndiyo sehemu halisi ya upande wa kulia. Basi tufungue mabano ya upande wa kushoto, tuchukue sehemu yake halisi. Ili tusichoke kuandika, c iwe cos x na s iwe sin x:

c⁵ + 5c⁴(is) + 10c³(is)² + 10c²(is)³ + 5c(is)⁴ + (is)⁵

Namba 1, 5, 10, 10, 5, 1 zinatoka kwenye pembetatu ya Pascal. Ukizisahau, chukua mstari wa juu yake, 1, 4, 6, 4, 1, ujumlishe majirani wawili wawili, kisha uweke 1 kila mwisho.

Sasa angalia i. Ikiwa na kipeo witiri (1, 3, 5) inabaki na i ndani yake, kwa hiyo vipande hivyo vitatu tunaviweka kando. Si vya kutupa: ndivyo vinavyotoa sin 5x, anayeihitaji atavikuta palepale. Vinabaki vitatu vingine, ambamo i² = −1 na i⁴ = 1:

cos 5x = c⁵ − 10c³s² + 5cs⁴

Hapa s ina vipeo shufwa tu, na hiyo ndiyo bahati yetu: s² ni 1 − c², kwa hiyo sinusi yote inaondoka. Kwa s⁴ tunapandisha mabano yote kwenye kipeo cha pili, (1 − c²)² = 1 − 2c² + c⁴. Tukiweka:

c⁵ − 10c³(1 − c²) + 5c(1 − 2c² + c⁴)

= c⁵ − 10c³ + 10c⁵ + 5c − 10c³ + 5c⁵

c⁵ ziko 1 + 10 + 5, yaani 16. c³ ziko −10 na −10. Kwa hiyo:

cos 5x = 16c⁵ − 20c³ + 5c

Weka x = 0, ambapo c = 1: 16 − 20 + 5 = 1, na cos 0 ni 1. Wengi wanaishia hapo na kufunga daftari. Lakini tuseme mtu ameandika i⁴ = −1. Atapata 6c⁵ − 5c, na 6 − 5 ni 1 vilevile. Mwingine ameandika (1 − c²)² = 1 − c⁴, kosa linalorudi kila mwaka. Atapata 6c⁵ − 10c³ + 5c, na hapo tena jumla ni 1. Sababu ni rahisi: penye x = 0, sinusi ni 0, kwa hiyo kila kipande chenye s kinapotea, kiwe sahihi au kibovu. Na makosa yako humohumo kwenye vipande vya s. Pembe ya 90° nayo haifai, maana c = 0 inafuta kila kitu.

Tumia 60°. Hapo c = 1/2, na cos 300° ni 1/2 pia. Jibu letu linatoa 0,5 − 2,5 + 2,5 = 0,5. Sawa. Lile la kwanza lenye kosa linatoa −2,3125 na la pili 1,4375. Hata kama hukumbuki cos 300°, kosinusi ya pembe haiwezi kupita 1 wala kushuka chini ya −1, kwa hiyo yote mawili yanajifichua yenyewe.

Polinomi hii inatoa pia thamani kamili ya cos 18°. Mara tano ya 18° ni 90°, na cos 90° = 0. Kwa kuwa cos 18° si sifuri, tunagawanya kwa c:

16c⁴ − 20c² + 5 = 0

Ukiichukua c² kama kisichojulikana, ni ekwesheni ya kipeo cha pili: c² = (5 ± √5)/8. Ipi ni yetu? Pembe ya 54° nayo inaifaa ekwesheni hii, kwa sababu 5 × 54° = 270° na kosinusi yake ni 0. Kosinusi inapungua pembe inapokua kutoka 0° hadi 90°, kwa hiyo 18° inachukua ile kubwa:

cos 18° = √((5 + √5)/8) ≈ 0,9511

Yenye alama ya kutoa ni cos 54°, karibu 0,5878.