Bei Iliyoruka Ghafla: Namna ya Kuikamata Kabla Haijatangazwa

Ijumaa mchana bei za mazao zinaingia kutoka masokoni. Mtu wa takwimu anafungua faili la Excel, anabonyeza Refresh All, na ndani ya sekunde chache jedwali lote limehuishwa. Bei za wiki iliyopita zimeshafunikwa. Gunia la mahindi likisomeka shilingi 900,000 kila mtu atashtuka, lakini likisomeka 95,000 hakuna atakayejua kama ni sawa, mpaka akumbuke kwamba wiki iliyopita soko hilohilo lilileta 70,000.

Kumbukumbu ya mtu haitoshi kwa masoko ishirini na mazao kumi. Kinachotosha ni hesabu ya darasa la sita: toa bei ya zamani kwenye bei mpya, gawanya kwa bei ya zamani, upate asilimia. Ikivuka kizingiti ulichoweka, mstari huo unawekewa alama na mtu anauangalia kabla bei haijatangazwa. Mkulima aliyeko Songea anaposikia redioni bei ya Dar es Salaam, anaamua auze leo au asubiri. Kosa la sifuri moja linamfikia yeye.

Kazi inaanza kabla ya kubonyeza Refresh All. Fungua shiti nyingine, iite Awali, na unakili humo jedwali zima la bei zilizopo kwa kubandika thamani tupu, yaani Paste Values. Ukibandika fomula, nazo zitahuishwa pamoja na jedwali, na utakuwa unalinganisha bei mpya na bei mpya. Dalili yake ni kwamba mabadiliko yote yanasomeka asilimia 0. Nimeliona jedwali la namna hiyo likipitishwa kwa furaha kwamba wiki hii hakuna tatizo lolote.

Jambo la pili ni kulinganisha soko na soko lenyewe, wala si mstari na mstari. Soko moja lisipoleta taarifa, mistari yote iliyo chini yake hupanda kwa nafasi moja, na bei ya Songea ikajikuta inapimwa kwa bei ya Sumbawanga. Kwa hiyo kila mstari uwe na ufunguo wake, mfano Songea-Mahindi, kwenye safu A. Bei iwe safu D. Safu E inatafuta bei ya awali kwa ufunguo huo, F inatoa badiliko, G inaweka alama, na H ina kizingiti cha zao husika, kikiandikwa kwa alama ya %.

```
E2: =IFERROR(VLOOKUP(A2,Awali!A:D,4,FALSE),0)
F2: =IF(OR(E2=0,NOT(ISNUMBER(D2))),"",D2/E2-1)
G2: =IF(F2="","HAKUNA CHA KULINGANISHA",IF(ABS(F2)>H2,"ANGALIA",""))
```

Sehemu ya ISNUMBER si pambo. Mkusanya bei akiandika 85,000/= kama tunavyoandika kwenye karatasi, Excel inaona maneno, haioni namba. Soko jipya nalo halina bei ya awali, na kugawanya kwa sifuri hakuna jibu. Mistari ya aina hii haijapita na haijafeli. Inahitaji jicho la mtu, ndiyo maana nayo inapewa maneno yake.

Tuchukue Ijumaa moja ya mfano, bei kwa shilingi. Tatu za kwanza ni za gunia la mahindi la kilo 100, ya mwisho ni ya tenga la nyanya.

```
Soko-Zao            Awali    Mpya      Badiliko
Kibaigwa-Mahindi    78,000   82,000      5.1%
Tandale-Mahindi     90,000   900,000   900.0%
Songea-Mahindi      66,000   11,000    -83.3%
Iringa-Nyanya       35,000   52,000     48.6%
```

Kibaigwa imepita. Hizo tatu nyingine zimevuka, lakini hazifanani, na aliyezoea kazi hii huanza kushuku sababu kwa kuitazama asilimia tu. Asilimia 900 kamili ni sifuri iliyoongezwa: namba ikizidishwa kwa kumi huongezeka kwa 900, na sifuri ikidondoka hushuka kwa 90. Tandale hakuna fumbo, ingawa bado tutauliza, maana huenda bei yenyewe nayo ilisogea na kilichokusudiwa kilikuwa namba nyingine kabisa.

Songea inahitaji mtu anayelijua soko. Kushuka kwa asilimia 83 ni kubaki na sehemu moja kati ya sita, na wafanyabiashara wengi wa nafaka huhesabu gunia kuwa madebe sita. Aliyekusanya ameandika bei ya debe kwenye nafasi ya gunia. Angeandika bei ya kilo, tungeona kushuka kwa takriban asilimia 99. Lumbesa ni ngumu zaidi kuikamata. Gunia lililojazwa kupita kiasi likauzwa kwa bei ya juu kidogo litaonekana kama ongezeko la kawaida, na hakuna kizingiti kitakachosema lolote. Hilo linazuiwa sokoni kwa mizani, si ofisini kwa fomula.

Nyanya za Iringa ni habari nyingine. Asilimia 48.6 hailingani na kosa lolote la kuandika tunalolijua. Nyanya huharibika haraka, hazihifadhiwi ghalani zikisubiri bei, na mvua ya siku chache ikikata barabara ya shambani, tenga linaweza kupanda hivyo na kushuka wiki inayofuata. Mkusanya bei wa huko anapigiwa simu akiwa na haki ya kuwa sahihi.

Ndiyo maana kizingiti kimoja kwa mazao yote hakifai. Ukiweka asilimia 10 kote, nyanya na vitunguu vitawaka kila wiki mpaka watu waache kuangalia. Ukiweka 50, mahindi hayatawaka kamwe isipokuwa kwa kosa kubwa kama la sifuri au la debe. Chukua bei za mwaka mmoja uliopita ulizokwisha kuzithibitisha, hesabu badiliko la kila wiki kwa kila zao, kisha yapange kuanzia dogo hadi kubwa bila kujali alama ya kutoa. Kwa wiki 52 utapata mabadiliko 51. Weka kizingiti juu kidogo ya lile la tatu au la nne kutoka juu, ili wiki zisizo za kawaida tu ndizo zivuke. Kwa mahindi unaweza kuangukia asilimia 15, kwa nyanya 40. Namba zako zitatoka kwenye masoko yako. Usiazime za mwingine. Na msimu wa mavuno ukifika, pale bei za nafaka zinaposhuka kila mahali, rudi uzipime tena.

Asilimia ina upande mmoja inaopendelea. Bei ikipanda kutoka 80,000 hadi 120,000 ni ongezeko la asilimia 50. Ikirudi palepale ilipotoka ni upungufu wa asilimia 33 tu. Kwa kizingiti cha 40, safari ya kupanda itawekewa alama na ya kushuka itapita kimya, ilhali mwendo ni uleule. Kwa mazao yanayoruka sana ni bora kugawanya bei kubwa kwa ndogo, yoyote iliyotangulia:

```
F2: =IF(OR(E2=0,NOT(ISNUMBER(D2)),D2=0),"",MAX(D2,E2)/MIN(D2,E2)-1)
```

Hapo kupanda na kushuka vinapewa kipimo kimoja, lakini namba zake za kushuka hazitasomeka kama zile za mwanzo. Kosa la debe, lililokuwa −83, sasa litasomeka 500.

Sasa niseme yale ambayo njia hii haiyaoni, maana ndiyo yanayotuumiza zaidi. Tarakimu zikibadilishana nafasi, 78,000 ikawa 87,000, hilo ni badiliko la asilimia 11.5 na litapita chini ya 15. Bei inayopanda kidogo kidogo nayo itapita. Asilimia 9 kila wiki haifiki hata kizingiti cha 10, lakini kwa wiki nne ni asilimia 41, na kwa wiki nane bei imekaribia kuongezeka maradufu bila alama hata moja. Dawa yake ni safu ya pili inayolinganisha na bei ya wiki nne nyuma, yenye kizingiti chake kikubwa zaidi.

La tatu ni bei isiyosogea. Asilimia 0 inaonekana safi, ila mahindi yaliyoganda kwenye 72,000 kwa wiki tano mfululizo, wakati masoko jirani yanapanda na kushuka, mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda sokoni. Amenakili ya wiki iliyopita. Kwa hiyo hesabu pia wiki ambazo bei haijabadilika, na zikifika nne, weka alama.

Kabla ya kushika simu, tazama alama zote kwa pamoja. Mazao yote ya soko moja yakiwaka, huenda fomu ya soko lingine imeingizwa hapo au safu zimesogea. Zao moja likiwaka katika masoko yote, na kwa upande mmoja, kuna jambo la kweli huko nje, mfano kufungwa kwa mpaka, au kuna aliyebadilisha kipimo kwenye fomu. Mstari mmoja peke yake mara nyingi ni mkono wa mtu. Ukishapiga simu, usianze na jibu. Ukimwuliza mkusanya bei, "Ulikosea, ilikuwa elfu tisini, siyo?" atakubali, hata kama ilikuwa tisini na nne. Mwambie akusomee alichoandika kwenye daftari lake, na kwa kipimo gani.

Kuna kosa moja la mwisho ambalo huchafua wiki inayofuata. Ile 900,000 ya Tandale ikibaki kwenye jedwali na kunakiliwa Awali, Ijumaa ijayo bei sahihi ya 92,000 itaonekana imeanguka kwa karibu asilimia 90, na itawekewa alama badala ya ile iliyokosewa. Shiti ya Awali ipokee bei zilizothibitishwa pekee. Ambayo haijathibitishwa iachie ile ya mwisho iliyokubaliwa, na andika pembeni tarehe yake, kwa sababu badiliko la wiki tatu halipimwi kwa kizingiti cha wiki moja.

Kwenye mfano wetu, mkusanya bei wa Songea alisoma daftari: debe, 11,000. Haikuzidishwa kwa sita kimyakimya. Aliulizwa bei ya gunia, akasema 65,000, na ndiyo iliyoingia. Tandale ilikuwa 90,000, haikuwa imebadilika. Iringa alisema malori mawili yalikwama njiani tangu Jumatano na tenga lilikuwa 52,000 kweli. Bei hiyo ilitangazwa kama ilivyo, na kwenye safu ya maelezo ikaandikwa: imethibitishwa kwa simu, Ijumaa, saa 9:40 alasiri, mvua.