Msuko wa slaidi: kutoka rundo la vidokezo hadi hadithi

Kwenye fasihi, msuko ni namna matukio yanavyoshikana hata moja likazaa jingine. Kwenye slaidi maana ni ileile. Slaidi ya tatu ipo kwa sababu ya pili, na ukiiondoa ya pili, ya tatu haieleweki tena. Hapa Lamu anayejua kusuka ukili hahitaji maelezo marefu: miaa iliyolala sakafuni bado si mkeka, hata iwe mizuri vipi.

Katibu wa kikundi kimoja cha wavuvi, mzee ninayemwita Ami, aliniletea daftari lenye vidokezo alivyotaka kuvipeleka mbele ya kamati ya wafadhili, kila kimoja na slaidi yake. Baadhi vilikuwa hivi:

- Kikundi kina wanachama 42
- Kaskazi samaki ni wengi
- Barafu haitoshi
- Kusi bahari ni chafu, hatutoki sana
- Jioni bei hushuka
- Tumepata mafunzo ya usafi
- Tuna kiwanja na umeme upo
- Tunaomba mtambo wa barafu

Kila neno hapo ni kweli. Tatizo linaonekana ukijaribu kuunganisha kidokezo na kinachofuata. Kama kiungo pekee kinachoingia ni "na pia", basi una rundo. Msuko unaanza pale "lakini" na "kwa hiyo" zinapokubali kukaa. Tukaandika kila kidokezo kwenye kipande chake cha karatasi, tukavitandaza juu ya baraza na kuvihamishahamisha.

Mwanzo ni hali ambayo msikilizaji anaikubali bila kubishana. Ami alitaka kuanza na historia ya kikundi. Nikamwambia, "Ami, kamati haijapata bado sababu ya kutaka kuwajua." Tukaanza na kaskazi: bahari inatulia, mashua zinarudi zimejaa.

Kisha mgogoro, na hapa ndipo penye kazi. "Barafu haitoshi" ni lalamiko, kwa kuwa halina kipimo. Nikamuuliza haitoshi kwa kiasi gani. Akafungua daftari la mizani: siku ya kawaida ya kaskazi wanashusha kama kilo 200 za samaki, na barafu wanayopata ni kilo 80. Katika joto letu kadirio linalotumika sana ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Kwa hiyo kilo 120 hazina barafu, na hizo ndizo zinazouzwa jioni kwa bei yoyote mnunuzi atakayotaja. Vidokezo viwili vilivyokuwa mbali daftarini, barafu na bei ya jioni, vikawa sababu na matokeo. Mgogoro tuliupa slaidi tatu, mwanzo moja tu. Wengi hugeuza hesabu hiyo, wakatumia nusu ya muda kujitambulisha.

Suluhisho hukatwa kwa kipimo cha mgogoro. Pengo ni kilo 120, basi mtambo wa kilo 150 kwa siku unaeleweka. Wa kilo 1,000 ungezua swali lisilo na jibu. Kiwanja na umeme vikahamia hapa, kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha kwamba mtambo utawaka. Mafunzo ya usafi hayakujibu lolote lililoulizwa, tukayaweka mwisho kabisa, nyuma ya slaidi ya kufungia, yasubiri atakayeuliza. Wanachama 42 nao vivyo hivyo.

Kidokezo cha kusi ndicho kilichonifurahisha. Ami alikuwa tayari kukitupa, akiona kinadhoofisha ombi. Lakini mjumbe yeyote wa pwani angeuliza mtambo utafanya nini bahari ikichafuka. Tukakiweka baada ya ombi, pamoja na jibu lake: miezi hiyo barafu itauzwa kwa wenye maduka ya vinywaji na samaki.

Mpango huu una mpaka wake. Kamati yenye dakika chache haitasubiri hadi slaidi ya tano ijue unaomba nini. Kwa watu hao sema ombi kwa sentensi moja mwanzoni kabisa, kisha anza hadithi; mgogoro haupotei, maana sasa wanasikiliza kama sababu yako inatosha.

Kupima ni rahisi. Kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi kamili: si "Changamoto", bali "Kilo 120 kila siku hazipati barafu". Kisha soma vichwa peke yake, kimoja baada ya kingine. Jioni ile Ami alimsomea hivyo nahodha mmoja aliyepita barazani. Kufika kichwa cha nne yule bwana akamkatiza: "Ngoja kwanza, hiyo barafu ya sasa mwaitoa wapi, na kwa nini msiongeze hapo hapo?" Hatukuwa na slaidi ya jambo hilo. Ami akachukua karatasi nyingine tupu, akavuta miwani.