“Dada wa kukaa ndani”: kukaa ndani kunabadilisha nini?

“Huyu wangu hana saa za kazi, si anakaa humu humu?” Kauli hii nimeisikia vikobani, harusini na kwenye foleni ya mwendokasi, na kila mara inasemwa kwa uhakika kana kwamba ipo kwenye kifungu fulani cha sheria. Haipo. Na kwa kuwa watu hawachoki kuirudia, ngoja niseme kukaa ndani ni nini kisheria na kunabadilisha nini.

Kwa kifupi: dada wa kazi wa kukaa ndani ni mwajiriwa ambaye mahali pake pa kazi ndipo anapolala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inawahusu waajiriwa wote isipokuwa wanajeshi, polisi, magereza na wengine wachache wa aina hiyo. Mpishi wa hoteli yumo, mhasibu yumo, hausigeli yumo. Zanzibar wana sheria yao, sitaigusa hapa.

Saa za kawaida ni zile zile kwa wote: zisizidi tisa kwa siku, 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi sita. Akifanya zaidi ya tisa anaidai nyongeza ya nusu juu ya malipo ya saa, na lazima awe amekubali. Hapo hakuna neno lolote linalosema “isipokuwa anayelala kwa mwajiri”.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Watu huchanganya mapumziko na ile nafasi inayobaki kati ya kazi na kazi. “Mchana anakaa tu anaangalia tamthilia,” wanasema. Lakini sheria inapotaja mapumziko ya siku inataka saa 12 mfululizo, kuanzia anapoacha kazi leo hadi anapoianza kesho. Mfululizo ndilo sharti lenyewe. Nusu saa hapa na dakika arobaini pale, huku mtoto amelala na sufuria ya maharage iko jikoni, hazijumlishwi zikawa mapumziko, kwa sababu mtoto akilia ni yeye anayenyanyuka.

Na hapa ndipo kukaa ndani kunapoingia kweli. Sheria inaruhusu saa hizo 12 zipunguzwe hadi nane ikiwa mfanyakazi anaishi mahali pa kazi, kwa sharti kwamba pawepo makubaliano ya maandishi. Amri ya kima cha chini cha mshahara nayo inampangia wa kukaa ndani kiwango cha chini kuliko anayekuja asubuhi na kuondoka jioni. Katika mambo ya saa na mapumziko, punguzo analolipata mwajiri kwa sababu dada analala kwake ni hilo la saa nne, na hata hilo halipati kama hakuna karatasi.

Chukua ratiba ya nyumba nyingi za Dar. Dada anaamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu gari la shule linapita kumi na mbili. Usiku anaosha vyombo, anafunga geti baba akirudi, anajilaza saa nne. Toka saa nne usiku hadi kumi na moja ni saa saba. Nyumba hiyo imekosa zile 12, na hata ingekuwa na mkataba ulioandikwa vizuri, bado ingekosa zile nane. Wengi wa waajiri hao si watu wabaya. Hawajawahi kupiga hesabu, basi.

Siku ya mapumziko ya wiki nayo imefinyangwa hivyo hivyo. Ofu ya “Jumapili ukishamaliza kupika, urudi kabla ya magharibi” si siku ya mapumziko. Inatakiwa iwe saa 24 zisizokatwa. Mnaweza kukubaliana kwa maandishi kuziweka pamoja, apate angalau saa 60 mfululizo kila baada ya wiki mbili, jambo linalomfaa dada mwenye ndugu Morogoro au Bagamoyo. Mkikubaliana afanye kazi siku hiyo, kila saa inalipwa mara mbili. Kumpeleka kanisani pamoja na watoto, yeye akiwa amembeba mdogo, ni kazi.

Kuachishwa kazi ndiko kunakoharibu zaidi, kwa sababu hapo neno “notisi” linabebeshwa kila kitu. Mtu anamwondoa dada tarehe 20, anampa mshahara wa mwezi mzima, anatangaza “nimemlipa na notisi”. Siku 20 za hapo zilikuwa mshahara wake alioufanyia kazi. Notisi ni kingine: kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, kwa maandishi, ikitaja sababu na tarehe. Akiwa bado ndani ya mwezi wa kwanza, ni siku saba. Mwajiri asiyetaka kuendelea kumwona anaweza kumlipa siku hizo na kumwacha aende.

Tumchukue dada aliyeletwa Dar kutoka Singida, amefanya kazi miaka mitatu na miezi miwili kwa 156,000 kwa mwezi. Mwezi una wiki 4.333, kwa hiyo wiki yake ni kama 36,000 na, kwa siku sita za kazi, siku yake 6,000. Anaondolewa leo bila kosa. Mbali na mshahara wa siku alizofanya kazi, notisi ya wiki nne ni 144,000, na wengi hulipa mwezi mzima kuepusha ubishi. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi: mitatu inampa 126,000. Likizo ambayo hakuichukua kwenye ile miezi miwili ya mwisho huhesabiwa siku moja kwa kila 13 alizofanya kazi. Siku zake 52 zinampa nne, yaani 24,000. Halafu nauli yake na mizigo yake hadi Singida, kwa kuwa huko ndiko alikoajiriwa. Akikaa siku kadhaa akisubiri usafiri, posho ya kujikimu ya siku hizo ni ya mwajiri. Mwisho anapewa cheti cha utumishi.

Angekuwa ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, kiinua mgongo kingeondoka, lakini nauli na mshahara wa siku alizofanya kazi vingebaki. Angekuwa hajatimiza miezi sita, asingeweza kudai kwamba ameachishwa isivyo haki, ila notisi angeidai. Madai ya kuachishwa yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumwokoi mwajiri: asipouonyesha, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha walikubaliana nini. Nyumba nyingi zinadhani ni kinyume chake.

Na ili nisionekane naegemea upande mmoja, notisi inamfunga dada pia. Anayetoroka usiku na begi lake baada ya kupokea mshahara naye ana siku zake 28 za kujibu, na mwajiri anaweza kuzikata kwenye kile ambacho dada anamdai. Kwa hiyo, jirani yangu, ukimpa hela tarehe 30 ukamwondoa, sema tu “nimemlipa mshahara”. Notisi, kiinua mgongo na nauli bado hujalipa.