Maji kwanza, mguu baadaye: kusahihisha uzito kabla ya kukokotoa

Mgonjwa aliyekatwa mguu chini ya goti, na ambaye tumbo lake limejaa maji, ana makosa mawili ndani ya uzito mmoja. Mguu uliokatwa unapunguza namba ya mizani, maji yanaiongeza. Makosa hayo yakifidiana, namba inaonekana ya kawaida, na utapiamlo unapita bila kuonekana.

Tumchukue mwanamume mwenye urefu wa sentimita 170, mwenye sirosisi ya ini na maji ya wastani tumboni. Miguu yake haijavimba. Mguu mmoja ulikatwa chini ya goti. Amepimwa bila mguu bandia, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na uzito wa kiti umetolewa. Zimebaki kilo 56. Ukizigawanya kwa mita 1.70 mara 1.70, yaani 2.89, uwiano wa uzito na urefu (BMI) ni 19.4. Fomu itaandikwa "kawaida" na mgonjwa ataondoka.

Mimi huanza na maji. Kipimo bora ni uzito uliochukuliwa mara baada ya maji kutolewa tumboni kwa sindano. Usipokuwepo, unakadiria: maji kidogo hutolewa asilimia 5 ya uzito, ya wastani asilimia 10, mengi asilimia 15, na asilimia 5 zaidi miguu yote miwili ikiwa imevimba. Kwa mgonjwa wetu ni kilo 5.6, nizihesabu kuwa 6, kwa kuwa makadirio haya hayana usahihi wa gramu. Uzito mkavu ni kilo 50.

Sasa mguu. Sehemu ya chini ya goti pamoja na unyayo ni takriban asilimia 5.9 ya mwili mzima. Mguu mzima kuanzia nyonga ni asilimia 16, unyayo peke yake 1.5, mkono mzima 5, na kiganja 0.7. Aliyekatwa katikati ya paja hana asilimia yake maalumu: chukua 5.9, kisha ongeza nusu ya 10.1 ya paja, utapata kama 11. Angalia urefu wa kigutu kabla ya kuchagua.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanachukua asilimia 5.9 ya kilo 50 na kuijumlisha. Lakini 5.9 ni sehemu ya mwili mzima, wala si ya mwili uliobaki. Kwa hiyo tunagawanya:

```
50 / (1 - 0.059) = 53.1
53.1 / 2.89 = 18.4
```

Tofauti ni ndogo kwa mguu wa chini, ila kwa mguu mzima wa asilimia 16 kujumlisha kungepunguza zaidi ya kilo moja na nusu. Na mpangilio una sababu yake: asilimia hizo ni za mwili usio na maji ya ziada. Ukigawanya kilo 56 kabla ya kuondoa maji, unaongeza mguu wa kubuni uliojaa maji ya tumboni, na uwiano unapanda hadi 20.6. Kwa mpangilio sahihi ana 18.4, chini kidogo ya 18.5, mpaka wa uzito pungufu.

Kosa hilohilo huingia kwenye asilimia ya uzito uliopotea. Kama kabla ya ugonjwa na kabla ya kukatwa alikuwa na kilo 62, linganisha na 53.1: amepoteza asilimia 14. Ukilinganisha na 56 unapata 10, na ukilinganisha na 50 unapata 19, kwa sababu umeuhesabu mguu kana kwamba umeyeyuka kwa njaa.

Mahitaji ya chakula ni jambo jingine. Mguu usiokuwepo hauli, kwa hiyo hapa narudi kwenye kilo 50. Kwa kilokalori 30 kwa kilo ni 1,500 kwa siku. Kwa protini ya gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo ni gramu 60 hadi 75. Kilo 53.1 ni za uwiano na historia ya uzito tu. Ziandike zote mbili kwenye faili na matumizi yake, maana atakayekuja baada yako atachukua ya kwanza anayoiona.

Ukikokotoa mahitaji ya mwenye unene uliokithiri aliyekatwa mguu, hatari ni kuchanganya mwili mzima na mwili uliobaki. Tuseme ana kilo 100 na urefu uleule, bila maji. Uzito unaofaa kwa uwiano wa 22 ni kilo 63.6, lakini huo ni wa mtu mwenye miguu miwili. Uzidishe kwanza kwa 0.941, upate 59.8. Kisha chukua robo ya ziada:

```
59.8 + 0.25 x (100 - 59.8) = 69.9
```

Robo hiyo ni makubaliano ya kitaalamu: mafuta hutumia nishati kidogo kuliko misuli, lakini si sifuri. Usiuingize uzito huo wa 69.9 kwenye kanuni ya kukadiria nishati ya Mifflin-St Jeor, ambayo ilitengenezwa kwa uzito halisi wa mtu. Ukifanya hivyo utakadiria nishati pungufu.