Maumivu ya shina la gumba kwa fundi cherehani

Swali: Daktari, nina miaka 56, ni fundi cherehani hapa Igoma. Shina la gumba la kulia linauma nikikata kitenge, hata kugeuza ufunguo ni shida. Mwenzangu wa Makoroboi alichomwa sindano akapona. Na mimi nichomwe?

Jibu: Bado, mama. Kwanza tujue kama ugonjwa wenu ni mmoja. Fumbata gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu upande wa kidole kidogo. Maumivu yakichoma pembeni mwa kifundo cha mkono, huenda ni kano zilizovimba, na hizo mara nyingi sindano huzituliza vizuri. Lakini yakiwa chini zaidi, pale gumba linapoungana na kiganja, na ukipabonyeza panauma, yaelekea gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya kiungo, limelika. Hilo huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Daktari atathibitisha, pengine kwa eksirei.

Swali: Basi mkasi ndio ulioniponza?

Jibu: Umechangia. Ukibana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kwa ncha za vidole, shina la gumba hubeba takribani kilo 12. Sasa fikiria mkasi butu kwenye kitenge kilichokunjwa mara nne! Unoe, ukate tabaka chache, na ubavu wa chini wa mkasi uuegemeze mezani. Nyumbani, kisu cha kumenyea muhogo kizungushie mpira wa tyubu ya baiskeli hadi mpini unenepe. Mpini mwembamba ndio unaolazimisha kubana. Jembe nalo ni hivyo hivyo.

Swali: Na banzi la kushikilia gumba? Nitashonaje nikiwa nimelivaa?

Jibu: Omba lile fupi, linaloshika shina la gumba na kuacha kifundo cha mkono na ncha ya gumba huru. Livae wakati wa kukata na kusukuma kitambaa, livue ukipumzika. Lisikuachie ganzi wala alama nyekundu zisizofutika. Usilihukumu kwa wiki moja: nafuu huja polepole, pengine baada ya miezi mitatu. Jeli ya diklofenaki ya kupaka husaidia, na ni salama kwa tumbo kuliko vidonge.

Swali: Nikishindwa kabisa?

Jibu: Hapo sindano ya steroidi yaweza kujaribiwa. Nikuambie ukweli: kwenye kiungo hiki, nafuu yake kwa kawaida ni ya wiki chache, wengine hawaioni kabisa, na gegedu halirudi. Ngozi ya hapo yaweza kupauka. Kama una kisukari, mwambie daktari kabla, maana sukari hupanda kwa siku kadhaa. Kiungo kikiuma siku ya kwanza au ya pili usishtuke. Kikizidi kuvimba na kuwa cha moto, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Wachache ambao yote haya yamegonga mwamba hupelekwa kwa daktari wa mifupa, ambaye anaweza kukitoa kile kimfupa kidogo kilicho chini ya gumba.